Malalamiko 240 ya mkate, bosi anataka chati ya Pareto, na mstari wangu umelala chini kama mlevi

KretiMbili:
Wasee habari za jioni. Nafanya kazi kwa bekari moja huku Indaa, kazi yangu ni kushika simu, wenye maduka wakipiga kulalamika naandika kwa Excel. Tarehe, jina la duka, sababu, mikate mingapi imerudishwa ama kukataliwa, na ruti. Miezi miwili sasa nina laini 240. Juzi meneja mpya akapita mezani kwangu akasema Ijumaa nimletee Pareto ya malalamiko ndio ajue aanze kurekebisha nini, kisha akaenda zake, hata sikupata nafasi ya kuuliza Pareto ni nani.

Nimejaribu njia mbili na zote zimenishinda. Kwa laptopu yangu (Excel 2019) kuna chati inaitwa hivyo hivyo Pareto, nikaibofya, ikanipa nguzo nyingi ajabu na zingine majina yanafanana kabisa, "Mkate kupondeka" iko mara mbili, moja 40 moja 9, sielewi aki. Njia ya pili nimehesabu asilimia kwa mkono nikaweka nguzo na mstari, lakini mstari umelala pale chini kabisa, unagusa sakafu, ni kama haupo. Na kompyuta ya ofisi ni Excel 2013, nikifungua ile faili ya kwanza huko chati haionekani, kuna maandishi tu ati haipatikani kwa toleo hili.

Nisaidieni kabla ya Ijumaa tafadhali.

Mzee_wa_80:
Hiyo ni rahisi kijana. Pareto ni 80/20. Chukua sababu zako, asilimia 20 ya juu ndizo zinaleta asilimia 80 ya malalamiko. Ikiwa yako haitoki hivyo basi data yako iko na makosa, rudi uhesabu upya. Weka mstari mwekundu kwa 80, kila kitu kilicho kushoto unarekebisha, kilicho kulia unaachana nacho. Mambo kwisha.

Nyambu_Githurai:
Samahani naingilia. Mimi nilinunua mkate Jumapili, kufungua Jumatatu asubuhi watoto wakienda shule una ukungu wa kijani na tarehe haijaisha. Hiyo ofisi ya malalamiko iko wapi ndio nije?

KretiMbili:
@Nyambu_Githurai pole dadangu, lakini mimi si wa hiyo kampuni, ama labda ndio, sijui. Rudisha pale dukani na karatasi yake usitupe, kuna namba ya bechi imepigwa muhuri pale mwisho, hiyo ndiyo hutusaidia kujua ulitoka tanuri saa ngapi.

MamaHesabu:
KretiMbili usihangaike, shida zako ni tatu na hazihusiani, ndio maana umechanganyikiwa. Nimefanya kazi ya ubora miaka mingi kwa kiwanda cha plastiki, hizi chati nimezichora mpaka usingizini. Pareto ni nguzo za sababu zilizopangwa kutoka kubwa kwenda ndogo, na mstari unaojumlisha asilimia zake. Tuanze na zile nguzo nyingi kwa sababu bila hiyo hakuna chati.

Hiyo Pareto ya Excel yenyewe huwa inajumlisha majina yanayofanana, kwa hivyo ikiwa "Mkate kupondeka" imetokea mara mbili basi kwa macho ya Excel hayo si majina yanayofanana. Mara nyingi ni nafasi tupu nyuma ya neno. Nafasi moja tu mwishoni inaihesabu kama neno lingine kabisa. Uliandika mwenyewe yote ama kuna mahali ulikopi kutoka watsapu?

KretiMbili:
Nusu nusu. Wenye maduka wengine hutuma meseji, nakopi napesti vile ilivyo. Wengine wameandika "umepondeka", wengine "mkate umebonyea", wengine "imefika kama chapati" 😂

MamaHesabu:
😂 Haya. Kolamu ya sababu ni C, si ndio? Ongeza kolamu F uiandike hivi uvute mpaka chini:

```
=TRIM(SUBSTITUTE(C2,CHAR(160)," "))
```

TRIM peke yake inaondoa nafasi za kawaida, lakini maneno yaliyotoka kwa tovuti ama meseji wakati mwingine yanabeba nafasi ya aina nyingine ambayo TRIM haiioni, ndio hiyo CHAR(160) tunaigeuza kwanza kuwa nafasi ya kawaida.

Hapo utabaki na "umebonyea" na "kama chapati", hizo Excel haiwezi kujua ni kitu kimoja, hiyo ni kazi yako wewe unayejua mkate. Fungua shiti mpya uite Ramani. Kolamu A weka kila namna ya kuandika iliyotokea, kolamu B jina moja ulilochagua. Usiende kubadilisha maneno ya awali kwa shiti ya data, siku moja mtu atakuuliza "hawa walisema nini hasa" na utakuwa umefuta. Halafu kolamu G:

```
=VLOOKUP(F2,Ramani!$A$2:$B$40,2,FALSE)
```

Ukiona #N/A mahali, hiyo ni namna ya kuandika ambayo hujaiweka kwa Ramani. Iongeze mpaka zote ziishe. Ukimaliza leta hesabu hapa.

Otis_Donholm:
Buda si angetumia tu PivotTable, dakika mbili, mambo ya fomula zote hizi za nini

MamaHesabu:
@Otis_Donholm pivoti ni sawa na mimi huitumia, lakini na yenyewe nafasi ya nyuma ya neno inaihesabu kama neno lingine. Uchafu usafishwe kwanza, baadaye kila mtu atumie sufuria yake.

KretiMbili:
Nimemaliza saa hii, saa nne na nusu usiku, macho ni mekundu. Ramani imekuwa na laini 31! Namna 31 za kusema vitu saba. Na zile 40 na 9 za kupondeka zimepata wenzao, wamefika 61. Hii hapa, nimetumia COUNTIF:

```
Kuchelewa kufika          78
Kupondeka                 61
Hesabu kupungua kretini   34
Mengineyo                 24
Ukungu kabla ya tarehe    19
Karatasi kupasuka         15
Kuungua chini              9
```

Jumla 240, imetimia. Nimefurahi kama mtoto.

MamaHesabu:
Kazi safi. Kuangalia jumla imerudi 240 ni jambo watu wengi hawafanyi. Ingekuwa 236 ungejua kuna nne zimepotelea njiani.

Sasa chati. Kwa sababu ofisini ni 2013, hiyo Pareto ya kubofya mara moja sahau, ilianza na Excel 2016, na ndio maana huko unaona maandishi matupu. Na hata ungekuwa na mpya mimi kwa kazi hii singeitumia, nitakuonyesha kwa nini hapo chini.

Weka meza yako kwa shiti nyingine, A ni sababu, B ni idadi, kuanzia laini ya 2. Panga kutoka kubwa kwenda ndogo, LAKINI Mengineyo usiipange, iweke laini ya mwisho hata kama ni 24 na iko juu ya ukungu. Mengineyo si sababu, ni gunia. Huwezi kumwambia fundi "nenda urekebishe mengineyo". Chagua zile laini sita tu za juu wakati wa kupanga, gunia libaki pale chini.

Kolamu C:

```
=SUM($B$2:B2)/SUM($B$2:$B$8)
```

Vuta mpaka laini ya 8, uigeuze iwe asilimia. Angalia ile alama ya dola: B2 ya kwanza imefungwa, ya pili imeachwa huru, ndio kila laini inajumlisha yenyewe na zote zilizo juu yake. Unapaswa kupata 32.5, 57.9, 72.1, 80.0, 86.3, 90.0, halafu 100. Laini ya mwisho isipokuwa 100 kamili, umefunga dola mahali si pake.

Chagua A1 mpaka C8, nenda Insert, Insert Combo Chart, Create Custom Combo Chart. Idadi iwe Clustered Column, asilimia iwe Line, na hapo kando kuna kisanduku Secondary Axis, kiweke tiki kwa ile ya asilimia. Hapo ndipo mlevi wako atasimama. Alikuwa amelala kwa sababu mhimili mmoja ulikuwa unabeba 78 na 0.325 pamoja, na 0.325 mbele ya 78 ni unga.

KretiMbili:
AMESIMAMA 🙌🙌 asante sana mathe

Lakini mhimili wa kulia unaenda mpaka 120%. Asilimia 120 ya malalamiko ni kama malalamiko ya kesho pia yameingia. Na mstari unaanzia katikati ya tumbo la nguzo ya kwanza, kwa chati nilizoona mtandaoni unaanzia juu kabisa ya nguzo.

MamaHesabu:
Umeona vizuri, na watu wengi hupeleka hivyo hivyo kwa mkubwa. Bofya ile namba ya kulia, Ctrl+1, hapo Maximum andika 1. Kisha mhimili wa kushoto, Maximum andika 240, ile jumla yako.

Usiogope nguzo zikionekana fupi. Excel ilikuwa imechagua yenyewe kama 90 hivi kwa kushoto, kwa hivyo 78 ikafika karibu na dari, wakati mstari unaonyesha asilimia 32.5 ambayo ni theluthi ya ukuta. Ukiweka 240 kushoto na 100% kulia, pande zote mbili zinazungumza kipimo kimoja: 78 kati ya 240 ndiyo 32.5%, na nukta ya kwanza itakaa juu ya nguzo ya kwanza barabara. Hiyo ndiyo njia yangu ya kukagua chati ya mtu, hata kabla ya kusoma maneno. Nukta ya kwanza ikiwa haikai pale, naanza kuuliza maswali.

Ubaya wake ni kwamba ukiongeza malalamiko wiki ijayo hiyo 240 haibadiliki yenyewe, lazima uirudie kwa mkono. Na kupanga pia, hesabu ya COUNTIF itabadilika lakini nguzo hazitajipanga upya.

Mzee_wa_80:
Sasa naona hapo sababu nne ndizo zimefika 80. Nne kati ya saba si asilimia 20, ni zaidi ya nusu! Nilisema data ina makosa.

MamaHesabu:
Mzee shikamoo, hapo tutakosana kidogo. Pareto mwenyewe alikuwa Mwitaliano wa uchumi, alikuwa anaangalia mali na mapato yako mikononi mwa nani, bekari hakuijua. Aliyechukua jina lake akalileta kwa mambo ya ubora viwandani ni Joseph Juran, na alichokuwa anasema ni kwamba vichache hubeba mzigo mkubwa. Hiyo 80 na 20 ni ya kusemea tu. Asilimia 20 ya sababu saba ni sababu moja na kitu, utaikata wapi?

Lakini kwa jambo moja uko sawa, mstari wa 80 unasaidia macho. KretiMbili ukiutaka, ongeza kolamu D yenye 0.8 laini zote, iingize kwa chati kama Line kwa mhimili huo huo wa kulia. Hii nayo ile Pareto ya kubofya haikubali, huwezi kuichanganya na aina nyingine ya chati. Pia Mengineyo ingeipanga ya nne kwa sababu ya ukubwa, halafu mstari ungevuka 80 ukiwa juu ya gunia. Ndio maana nilisema singeitumia.

Caro_Pipeline:
Jameni na mimi nina yangu. Mimi ni msimamizi wa ploti, majumba manne ya ghorofa huku Pipeline, wapangaji wanalalamika mpaka usiku. Nimefuata hizi hatua zote leo, sababu tano: maji 22, taka 20, kelele 19, taa za ngazi 18, geti 17. Jumla 96. Chati imetoka kama ngazi ya kitoto, nguzo zote karibu sawa, mstari umenyooka kama rula. Sasa nianze na gani? Maji kwa sababu imezidi taka kwa mbili??

Otis_Donholm:
Anza na kelele, hiyo haina gharama, unaandika tu notisi 😂

MamaHesabu:
@Caro_Pipeline hapana, chati yako imekujibu, imesema kwa upande wa sababu hakuna mkubwa. 22 na 20 mwezi ujao zinaweza kubadilishana viti bila kitu chochote kutokea. Kata data kwa njia nyingine. Badala ya "ni nini", hesabu "ni wapi": kwa jumba, kwa ghorofa, kwa nyumba. Malalamiko yale yale, majina mengine kwa kolamu A.

Caro_Pipeline:
Ngoja nikaangalie kitabu, namba za nyumba niliandika.

DerevaMstaafu:
Mimi si mtu wa kompyuta lakini mkate nimeubeba miaka. Naona mnahesabu simu. Mwenye duka akipata mkate umechelewa dakika arubaini anapiga simu, analia, lakini mkate anauchukua na anauuza. Mwenye duka akipata ukungu hapigi simu mara mbili, anarudisha kreti nzima na kingine hataki kuona. Simu moja na simu moja hazina uzito sawa. Huyo meneja akiona kuchelewa ndiyo ya kwanza atakuja kuwasumbua madereva, najua.

MamaHesabu:
Mzee umegusa penyewe, na nilikuwa nakuja hapo. KretiMbili si ulisema una kolamu ya mikate iliyorudi? Ni D? Chora chati ya pili, kila kitu kile kile, ila B badala ya COUNTIF iwe:

```
=SUMIF(Data!$G$2:$G$241,A2,Data!$D$2:$D$241)
```

Panga upya, kumbuka kubadilisha ile Maximum ya kushoto iwe jumla ya mikate.

KretiMbili:
Wueh. Angalieni hii.

```
Ukungu kabla ya tarehe    570    38.0%
Kupondeka                 488    70.5%
Kuchelewa kufika          156    80.9%
Hesabu kupungua kretini   136    90.0%
Kuungua chini              81    95.4%
Karatasi kupasuka          45    98.4%
Mengineyo                  24   100.0%
```

Jumla mikate 1,500. Ukungu ilikuwa ya nne kwa simu, nusura niseme ni kitu kidogo. Simu 19 tu lakini kila simu karibu mikate 30. Kuchelewa ni simu 78 na mikate 156, miwili miwili. Kupondeka ndiyo haijahama, ni ya pili kote kote.

Sasa nipeleke gani Ijumaa?

DerevaMstaafu:
Ya mikate. Si nimesema.

Otis_Donholm:
Mimi napinga kidogo. Niko na duka Donholm, mkate ukifika saa mbili asubuhi watu wa kwenda kazini wamepita, nimewauzia mkate wa kampuni nyingine. Wenu nikiuchukua utauzika pole pole, kesho yake napunguza oda. Hiyo hasara haiko kwa hiyo kolamu yenu ya mikate iliyorudi kwa sababu haikurudi, haikuletwa hata. Kwa hivyo kuchelewa ni kubwa kuliko 156, sema tu hamuioni.

MamaHesabu:
Otis hapo siwezi kukubishia. Chati inapanga kile kilichoandikwa tu. Kama wana rekodi ya oda, angelinganisha maduka yaliyolalamika kuchelewa, oda zao za mwezi wa kwanza na wa pili, lakini bado utabishana ni kuchelewa ama ni kitu kingine kimewapunguza. Mimi ningepeleka zote mbili kwa ukurasa mmoja, ya simu juu, ya mikate chini, kila moja kichwa chake kiseme wazi inahesabu nini na tangu tarehe gani mpaka gani. Meneja aone mwenyewe vile ukungu imeruka kutoka nne hadi moja.

Mzee_wa_80:
Chati mbili zitamchanganya. Mkubwa apewe jibu moja.

MamaHesabu:
Labda. Mimi wakubwa wangu niliwapa mbili.

Kitu kingine kabla ya Ijumaa, KretiMbili. "Ukungu" na "kupondeka" si sababu hasa, ni kile mwenye duka ameona. Meneja atakuuliza "kwa nini" na utabaki umemtolea macho. Chukua zile 19 za ukungu peke yake uzihesabu kwa saa ya bechi. Zile 61 uzihesabu kwa ruti. Ni Pareto ndogo ndani ya kubwa. Kwa 19 hata chati usichore, ni kidogo mno kwa mstari na asilimia, hesabu tu.

Shiru_Tanuri:
Nimekuwa nasoma kimya kimya. Mimi nimeoka miaka sita. Kabla hajahesabu naweza kumwambia: atakuta ni mkate wa usiku. Mkate ukifungwa bado una moto ndani unatoa jasho kwenye karatasi, hayo maji ndiyo ukungu inakaa nayo. Tulifundishwa ndani ya mkate ushuke mpaka kama nyuzi 35 ndio uguse mashine ya kukata na karatasi. Lakini gari la kwanza likiwa linapiga honi hapo nje, nani anangoja?

KretiMbili:
@Shiru_Tanuri wewe ni mganga ama? Nimetoka kuhesabu. Bechi zinasomeka kwa 17, mbili karatasi ilitupwa. Kati ya 17, 14 ni bechi ya saa tisa usiku, ile ya mwisho kabla magari kuondoka.

Shiru_Tanuri:
Si mganga, nimepigiwa hiyo honi. Sasa sikia, ukisema "mkate ungoje upoe" gari litachelewa na ile nguzo ya kuchelewa itapanda. Hizo mbili zimeshikana mikono. Waoke ya mwisho mapema kidogo ama waongeze raki za kupozea, lakini usimwambie meneja ukungu na kuchelewa ni vitu viwili tofauti.

MamaHesabu:
Hiyo hapo juu chati haiwezi kukuonyesha hata uichore mara mia. Iandike kwa maneno chini ya chati.

Caro_Pipeline:
Nimerudi. Kati ya 96, 51 ni jumba C, na hizo 51 nyingi ni ghorofa ya nne na ya tano. Lakini kuna nyumba moja huko, mama mmoja, amelalamika mara 23 yeye peke yake. Nimtoe ama nimwache?

Otis_Donholm:
Mtoe, huyo ni tabia yake

DerevaMstaafu:
Usimtoe, pengine ndiye pekee aliye nyumbani mchana akaona.

MamaHesabu:
Hesabu mara mbili, akiwa ndani na akiwa nje. Bila yeye C inabaki na 28 kati ya 73. Kama bado C ndiyo inaongoza, basi si yeye. Kama inashuka ikawa sawa na zingine, nenda ukamtembelee huyo mama kabla ya kuita fundi. Siwezi kukwambia ni gani nikiwa hapa.

KretiMbili:
Ijumaa imepita wasee. Nilipeleka zote mbili. Meneja aliangalia ile ya juu akasema "madereva", akaangalia ya chini akanyamaza, akauliza ile 570 nimeitoa wapi, nikamfungulia data hapo hapo kwa kompyuta ya 2013 na ikafunguka. Jumatatu wanaleta raki nne za kupozea, kwa majaribio ya mwezi mmoja, na nimeambiwa nichore tena mwisho wa mwezi. Ya kuchelewa amesema atafikiria, hakusema zaidi. Kupondeka niliihesabu kwa ruti lakini hakufika huko, simu ikaita akatoka.

Mzee_wa_80:
Sawa. Mwezi ujao utumie mhimili ule ule, usibadilishe kipimo, ama chati mbili hazitalinganishwa. Hilo nalijua vizuri.

MamaHesabu:
Mzee hapo umenena kweli, na mimi nilikuwa nimesahau kumwambia. Kama ile itakuwa ya mwezi mmoja na hii ilikuwa ya miwili pia aandike, ama ataona malalamiko yamepungua nusu aanze kushangilia.

KretiMbili, lile gunia umelifungua? 24 kati ya 240 ni moja kwa kila kumi, si kidogo. Soma zote 24 neno kwa neno.

KretiMbili:
Nimelifungua sasa hivi. Aki. Kumi na moja kati ya 24 ni kitu kimoja, nilikuwa nimekiandika kwa maneno tofauti tofauti: dereva wa ruti ya Kayole ni mjeuri, anatupa kreti mlangoni, hangoji kuhesabiwa. 11 ni kubwa kuliko kuungua ambayo ni 9, na nilikuwa nimeipa kuungua nguzo yake. Kisha nikaenda kwa zile 34 za hesabu kupungua, nyingi pia ni Kayole. Na kupondeka 61, Kayole ndiyo inaongoza, 26.

Sasa meza inabadilika, Mengineyo 13, hiyo mpya 11. Narudia chati usiku huu. Shida ni moja tu, huyo dereva ndiye hunipatia lifti kila asubuhi kutoka Umoja.

DerevaMstaafu:
Anza kutafuta nauli.